Tani Nane za Mama Ndoo

Ndoo yenyewe ilikuwa ya bati, ya lita kumi, imefungwa kamba yenye fundo kila nusu mita. Miaka minane niliyokaa meza ya pili katika ofisi ya gati, sikumbuki meli ya kokoto kufunga kamba bila ndoo ile kushuka majini kabla mtu yeyote hajashuka nchi kavu. Mwenye ndoo alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, anayevaa miwani iliyofungwa uzi shingoni. Wapakuzi walimwita Mama Ndoo, na jina likamkaa kiasi kwamba hata mumewe akija kumchukua jioni aliuliza mlangoni kama Mama Ndoo ameshafunga kazi.

Kazi yake ilikuwa kusema meli imebeba tani ngapi bila kupima hata jiwe moja. Wageni walidhani anapiga ramli. Dereva mmoja wa lori alimwambia waziwazi kwamba haelewi hata kwa nini meli ya chuma haizami, sembuse kuipima kwa kuiangalia. Mama Ndoo hakumjibu kwa mdomo. Alichukua kikombe chake cha chai, cha chuma, akakiweka kwenye beseni la maji kikiwa kimesimama. Kikaelea. Akakilaza ubavu, kikajaa, kikaenda chini.

"Chuma ni kilekile," akasema. "Kikisimama kina hewa tumboni, kwa hiyo kinasukuma maji mengi pembeni. Kikishasukuma maji yenye uzito sawa na wake, hakishuki tena. Nikikitia kokoto, kitashuka zaidi mpaka kisukume maji mengine yenye uzito wa zile kokoto. Mimi nasoma tu kimeshuka kiasi gani."

Dereva akauliza, na kokoto zikizidi je.

"Maji yatafika mdomoni, na chai yako utainywea chini."

Meli tuliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, urefu mita arobaini, upana mita nane, bapa chini kama sanduku. Ikiwa tupu, na mafuta yake, ilikuwa na uzito wa tani mia moja na arobaini. Namba za kina zilichorwa kwa rangi nyeupe omo, yaani mbele, katikati, na tezi, yaani nyuma, pande zote mbili, na kila sentimita moja iliyozama ilikuwa tani mbili na nusu na kidogo. Mama Ndoo alizisoma zote sita kutoka kwenye mtumbwi, akitumia kipande cha mpira mwangavu ambacho maji hupanda ndani yake bila kuyumbishwa na viwimbi. Halafu ndoo. Kwa sababu maji si mamoja. Maji ya bahari yana chumvi, ni mazito, hivyo meli haihitaji kusukuma mengi ili ibebwe, nayo husimama juu kidogo. Maji ya mto ni mepesi, meli hukaa chini zaidi na mzigo uleule. Ndiyo maana ubavuni mwa meli yetu kulikuwa na mistari miwili ya ukomo wa kupakia, wa bahari na wa mto, na ule wa mto ulikuwa juu ya mwenzake kwa sentimita tano. Ukipakia mtoni unaruhusiwa kuzama hadi mstari wa mto, kwa kuwa ukifika baharini meli itainuka yenyewe. Ukivuka hapo, unakula ile sehemu ya ubavu iliyoachwa kavu kwa ajili ya mawimbi.

Kwa hiyo ndani ya ndoo alitumbukiza kijiti cha kioo chenye risasi chini, kinachoelea wima. Kikisimama kwenye elfu moja, maji ni ya mto. Kikipanda hadi elfu moja na ishirini na tano, ni ya bahari. Gati letu lilikuwa pale mto unapokutana na bahari, kwa hiyo jibu halikuwa moja mwaka mzima, na yeye hakuwahi kuandika tarakimu ambayo hakuiona kwa macho yake.

Mwaka ule meli ilikuwa imeanza kupakia kokoto kwenye mashine mpya ya kusaga mawe, mwendo wa siku moja juu mtoni; kabla ya hapo hatukuwa na karani wa pili wa kulinganisha naye. Karani wa kule alisoma namba zake, akaandika tani mia nne. Meli ikashuka na mto, ikakata mdomo mpana ambako mawimbi ya bahari huingia, ikasubiri maji yajae ili ivuke fungu la mchanga, ikafunga kwetu. Mama Ndoo akasoma zake. Kwa miezi mingi tofauti kati ya makarani hao wawili ilikuwa tani moja, pengine nusu.

Mvua zilipoanza kunyesha huko juu, safari ya kwanza ikaleta tani mia tatu tisini na mbili.

Alirudia kusoma mara tatu. Ndoo ilisema elfu moja, maji matupu ya mto, na hilo halikumshangaza kwa kuwa maji yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo na magogo yanapita. Meli ilikuwa juu kwa sentimita tatu kuliko inavyopasa. Sentimita tatu ni tani nane. Tani nane ni lori moja.

Safari ya pili, tani nane tena. Ya tatu, tani nane.

Nilimwona akikaa na karatasi zile tatu mbele yake bila kugeuza ukurasa. Upungufu wa bahati mbaya huwa leo tatu, kesho kumi. Huu ulikuwa lori moja kila safari, kama mtu aliyeagizwa. Na kati ya mashine ya mawe na gati letu kuna vijiji vinavyojenga, vyenye vituo vya mitumbwi na barabara inayofika mpaka ukingoni.

Tatizo lingine lilikuwa nahodha. Nahodha wa meli ile alikuwa mdogo wa mumewe, yaani shemeji yake kabisa, kijana wa miaka thelathini na saba aliyekula kwao tangu akisoma shule. Cheti chake cha unahodha kilikuwa kimetundikwa sebuleni kwa Mama Ndoo, si kwake, kwa sababu yeye ndiye aliyemsaidia hesabu za mtihani. Karatasi zile zikifika mezani kwa mwenye meli, cheti kile kingebaki pambo la ukuta.

Alizipeleka. Sikumwuliza kwa nini. Alizikunja, akazitia kwenye bahasha, akaniambia niandike saa ya kupeleka kwenye daftari langu.

Mwenye meli tulimwita Bwana Kufuli. Alifunga kabati la ofisi, tangi la mafuta, hata birika la chai, na alitembea na shada la funguo kiunoni lililotangulia kusikika kabla yake. Alisoma karatasi zile akiwa amesimama. Kisha akaniomba daftari la kuingia na kutoka, akapitisha kidole kwenye safu ya saa. Mimi nilikuwa nimeshaona alichokuwa anakitafuta. Tangu mvua zianze, meli ilikuwa inachelewa kwa saa mbili.

"Saa mbili zinatosha kushusha lori moja?" akaniuliza.

Nikamwambia inategemea wako wangapi na wana makoleo mangapi. Nilijuta mara moja, maana alitikisa kichwa kana kwamba nimemjibu ndiyo.

Hakumfukuza nahodha siku ile. Alimwita, akamwambia maneno mafupi: safari ijayo apakie tani mia nne na nane, halafu tuone ngapi zitafika. Nahodha akajibu kwamba kwa mia nne meli tayari imefika kwenye mstari wa mto, na kwa tani nane zaidi mstari ungezama kwa sentimita tatu. Pale mdomoni, msimu huu, mawimbi yanapanda sitahani hata ikiwa na mzigo halali. Hataongeza hata karai.

"Mtu asiyetaka kupimwa huwa na sababu," akasema Bwana Kufuli.

"Mimi nimekataa kuzama, bosi. Kupimwa napimwa kila siku na shemeji yangu."

Alisema hivyo akimtazama Mama Ndoo, naye Mama Ndoo akatazama kijiti chake cha kioo kama kina jambo jipya la kusema. Bwana Kufuli akatoa neno la mwisho: safari moja zaidi, kwa mia nne. Zikipungua tena, nahodha ashuke na cheti chake kipelekwe kwa wakaguzi pamoja na barua.

Nilikwenda kwa Mama Ndoo Jumapili ile kumrudishia mumewe redio niliyoiazima kwake. Nahodha alikuwapo. Mama mkwe wa Mama Ndoo naye alikuwapo, akisifu mabati mapya ambayo mwanawe mdogo amemwezekea nyumba, akihesabu mabati kwa vidole, ishirini na nne, ya mawimbi mapana, hayapigi kelele mvua ikinyesha. Mama Ndoo alipakua chakula. Alipofika kwa shemeji yake, kijiko kilisita juu ya sahani.

Mabati yale aliyajua bei. Nilijua anaijua, kwa sababu mwezi uliotangulia aliniomba nimuulizie dukani.

Chakula kilipokwisha nahodha akaaga, akasema anawahi kutembea kabla jua halijazama. Mumewe akamtania kwamba siku hizi anakunja suruali kama mpimaji wa mashamba. Nahodha akacheka kidogo, akaenda. Hakuna aliyeuliza kwa nini anatembea. Sisi sote tulikuwa tumeshughulika na mabati.

Jumatatu Mama Ndoo alifanya jambo ambalo halikuwa kazi yake. Meli ilikuwa bado gatini, tupu, na ilikuwa iondoke mchana. Alipanda, akaanza kuikagua kama askari wa forodha. Alipiga kwa ufunguo kuta za shimo la mizigo kusikiliza kama kuna uwazi. Alihesabu makoleo. Aliangalia chini ya mbao za sitaha. Mimi nilimfuata na daftari kwa sababu alitaka shahidi. Nahodha alikaa kwenye usukani akimtazama kupitia kioo, hakusema neno, na kunyamaza kule pia kuliandikwa dhidi yake, nadhani, ingawa si kwenye daftari langu.

Mwisho akateremka chumba cha injini. Fundi mitambo, mzee mnene aliyekuwa akizungumza na injini kuliko na watu, alikuwa amefungua chujio la bomba la maji ya kupoza. Alikuwa analaani. Mama Ndoo akamwuliza kama meli husimama njiani. Akasema husimama, ndiyo, kwa sababu ya magogo. Mara mbili limekwama gogo kwenye panga la chini linalosukuma meli, na nahodha huwa anapunguza mwendo kila penye ukungu wa mvua. Akauliza tena kama kuna mtu hushuka. Fundi akamwambia kama anataka mambo ya ndani amuulize kuku, yeye ana bomba lake.

"Tazama hili," akasema, kama mtu anayebadilisha mazungumzo. "Linanivujia tangu mwanzo wa mwezi. Kila tukisubiri kuingia hapa na mzigo, linadondosha, na likikauka linaniachia haya."

Kwenye kiungio cha bomba kulikuwa na ukoko mweupe, kama unga ulioganda.

Mama Ndoo alivua miwani. Akakwangua ule weupe kwa ukucha, akautia ulimini. Nilimwona akikunja uso. Akakwangua tena, akanyoosha kidole kwangu. Ilikuwa chumvi.

"Bomba hili linavuta maji wapi?" akamwuliza fundi.

"Chini kabisa. Karibu na sakafu ya meli. Ungependa livute hewa?"

Alipanda ngazi haraka kuliko nilivyopata kumwona. Juu ya sitaha alishusha ndoo, akaivuta, akaonja. Maji ya udongo, matamu kama ya kisima. Akakaa juu ya kifuniko cha shimo la mizigo na ndoo katikati ya miguu, akaitazama muda mrefu namna mtu anavyomtazama ndugu aliyemkuta akisema uongo.

Alinieleza baadaye ofisini, kwa sauti ya chini, kwa sababu bado hakuwa na hakika. Maji mazito hukaa chini ya mepesi. Mto ukijaa mvua, maji yake mepesi huteleza juu ya yale ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, na ndoo huchota mafuta tu. Meli yenye mzigo huzama zaidi ya mita mbili. Nusu mita ya juu iko kwenye maji ya mto, lakini sehemu yote iliyobaki imekalia maji ya chumvi, na ndiyo yanayoiinua. Ikiwa tupu inaelea kwenye tabaka la juu peke yake, hivyo ndoo husema kweli, na msimu wa kiangazi chumvi hutawala kutoka juu hadi chini, hivyo ndoo husema kweli pia. Ilikuwa inadanganya msimu mmoja tu, na kwa meli yenye mzigo tu.

Nikamwuliza mzee aliyemfundisha kazi alikuwa akichota namna gani. Alinionyesha kwa mikono. Mzee alikuwa na kopo la shaba lenye kizibo na kamba ya pili, linalofunguliwa likiwa limeshafika katikati ya kina. Kopo lilikatika kamba likazama mwaka wa pili wa kazi ya Mama Ndoo. Aliomba jingine. Nilifungua jalada la maombi ya vifaa, kwa kuwa situpi karatasi, nikalikuta ombi lenyewe. Chini yake kwa wino mwekundu Bwana Kufuli alikuwa ameandika: Ndoo inatosha.

Aliisoma, akanirudishia, akasema nisimwonyeshe mtu kwanza.

"Kama nimekosea mara ya pili," akasema, "nitakuwa nimemsafisha mwizi kwa sababu ni shemeji yangu."

Siku tatu zile kabla meli haijarudi alitengeneza kifaa chake: chupa ya kioo ya sharubati, jiwe la kilo mbili limefungwa kitakoni, kizibo chenye uzi wake. Unaishusha ikiwa imezibwa, unafika kina unachotaka, unavuta uzi, mapovu yanapanda, unaivuta juu imejaa maji ya kule chini. Alijaribu kwenye pipa la ofisi mpaka mfagiaji akamwuliza kama anavua.

Meli ya safari ya nne iliingia saa nne kasorobo asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Bwana Kufuli alikuwa tayari gatini na barua mfukoni. Mama Ndoo alisoma namba sita, akapata wastani wa mita mbili na sentimita tano. Mtoni karani alikuwa ameandika mbili na nane. Kwa ndoo, zilikuwa tani mia tatu tisini na mbili.

Bwana Kufuli akatia mkono mfukoni.

"Subiri, bosi," akasema Mama Ndoo. Akashusha chupa mbele yake. Nusu mita: kijiti kikasimama kwenye elfu moja. Mita moja: elfu moja na ishirini. Mita mbili: elfu moja na ishirini na tatu. Alipiga hesabu ya tabaka kwa tabaka juu ya goti lake. Kwa wastani, maji yaliyoibeba meli yalikuwa elfu moja na kumi na tano. Ukizidisha hivyo, tani mia nne zilikuwa mle ndani.

Bwana Kufuli alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mjinga.

"Wiki tatu ulikuwa na ndoo, shemeji yako akawa mwizi," akasema. "Leo nimekuja na barua, umekuja na chupa ya sharubati, kawa malaika. Ungekuwa wewe ni mimi, ungeamini?"

"Nisingeamini," akasema Mama Ndoo.

Akamwambia hamwombi aamini. Saa kumi jioni maji yatakuwa yametoka, na mto ulivyo na nguvu utakuwa umeisukuma chumvi yote nje mpaka mdomoni. Meli itabaki palepale ilipo, imekalia maji ya mto kutoka juu hadi chini. Kama kokoto zimo zote, itazama sentimita tatu zaidi bila mtu kuongeza jiwe. Kama ziliuzwa njiani, itabaki ilipo, na yeye mwenyewe ataipeleka barua.

Bwana Kufuli akasema maji yakishuka kila kitu kinashuka, hata yeye analijua hilo. Mama Ndoo akamjibu kwamba namba zimechorwa kwenye meli, si kwenye ukuta wa gati. Zinahesabu meli imezama kiasi gani ndani ya maji, popote maji yalipo. Bwana Kufuli aliuliza kama meli haitakaa chini kwenye tope. Wakapima kwa kamba ya risasi: hata maji yakitoka, mita nzima ingebaki chini yake.

Ndipo kazi ya kufuli ikaanza. Alifunga vifuniko vya shimo la mizigo kwa kufuli zake nne. Alifunga chumba cha injini. Alichomoa mpini wa pampu akaondoka nao. Aliwashusha mabaharia wote, fundi mitambo akinung'unika kwamba injini haijazoea kulala peke yake, akaagiza kiti cha plastiki, akaketi gatini na mpini wa pampu mapajani kama mtu aliyepakata mtoto. Hakwenda kula. Nahodha alikaa juu ya gogo la kufungia kamba, mbali na shemeji yake kwa hatua ishirini hivi. Nilimpelekea chai. Akaniuliza kama na mimi nilidhani hivyo. Nikamwambia niliandika saa tu. Akasema saa nazo husema.

Saa saba namba zilikuwa vilevile. Bwana Kufuli akamwangalia Mama Ndoo, naye akasema bado. Saa nane mtumbwi ulizunguka tena: nusu sentimita, pengine, au kiwimbi. Saa tisa na nusu maji yalikuwa yanakwenda kwa kasi, meli imeshuka chini ya ukingo wa gati hata ikabidi kamba zilegezwe, na Bwana Kufuli alitaka kusimamia kulegezwa kwa kila moja. Saa kumi na robo alikataa kusomewa. Aliingia mtumbwini mwenyewe, na viatu vyake vya ngozi, akaweka mpira mwangavu kwenye namba za katikati, akainamisha kichwa mpaka shada la funguo likagusa maji.

Alisoma upande ule. Akazunguka, akasoma upande mwingine. Akaenda omo, akaenda tezi.

"Mbili na nane," akasema.

Mama Ndoo alishusha chupa mita mbili. Elfu moja. Akampa aonje, naye akaonja, akatema.

Akafungua kufuli zote nne kwa mkono wake akaziangalia kokoto. Zilikuwa kokoto. Alirudisha mpini wa pampu, na barua akaichana vipande vinne, kisha akaona taka hazitupwi majini akavitia mfukoni. Alipopita mezani kwangu alikuta ombi la miaka tisa iliyopita limefunguliwa, wino mwekundu juu. Sikuwa nimeambiwa niliweke pale, wala sikuwa nimeambiwa nisiliweke. Niliambiwa kwanza tu. Alilisoma. Wiki iliyofuata kopo la shaba likafika, jipya, na kufuli ndogo kwenye sanduku lake.

Lakini Mama Ndoo alikuwa bado hajamaliza. Jioni ileile aliandika karatasi tatu upya, moja kwa kila safari, akieleza kwamba kosa lilikuwa la mchotaji. Kisha akatoka nje. Nahodha alikuwa akifunga kamba za mwisho. Nilikuwa nafunga dirisha, nikasikia.

"Ungeniuliza, shemeji," akasema nahodha.

"Ningekuuliza, ungesema hapana. Na mwizi naye angesema hapana."

"Hata mabati hukuuliza. Niliuza pikipiki. Mwezi mzima natembea mbele ya macho yako."

Mama Ndoo akasogea karibu naye. Alichukua ncha ya kamba akamsaidia kuivuta. Nahodha hakumzuia, ila hakumshukuru. Jumapili iliyofuata hakuja kula. Iliyofuata hiyo alikuja, akakaa karibu na mlango.

Tangu hapo wana utaratibu wao. Meli ikifika, nahodha huingia mtumbwini pamoja naye, kila mmoja na daftari lake. Husoma kimya, huandika kimya, ndipo hufunuliana, kama wacheza karata wawili wasioaminiana waliokubaliana kuendelea kucheza. Mpaka leo sijaona tofauti kati yao. Wapakuzi walijaribu kumwita Mama Kopo, jina halikushika.

Juzi zilifika tani mia tatu tisini na tisa na nusu. Nusu tani haipo. Nahodha akasema ni maji: kokoto zilipakiwa zikiwa mbichi, zikachuruzika njiani, pampu ikayatoa.

"Pampu dakika ngapi?" akauliza Mama Ndoo.

"Saba."

Akaandika saba. Halafu akavua miwani, akateremka chumba cha injini kumwuliza fundi.